Ovaroli ya moto, kizibao cha kuonekana: kitambaa kipi kwa fundi anayechomelea karibu na foklifti?

Nguo mbili nzuri zikivaliwa pamoja zinaweza kutoa vazi moja la hatari. Mfano unaoonekana katika karakana nyingi ni welda aliyevaa ovaroli nzito ya pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, kisha juu yake akatupia kizibao cha njano cha poliesta kwa sababu foklifti zinapita uwanjani. Ovaroli ni sahihi na kizibao kina alama zote za kuonekana. Tatizo ni kwamba poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 255 hivi za Selsiasi, na tone la chuma linaloruka kutoka kwenye kuchomelea lina joto la zaidi ya nyuzi 1000. Kizibao kinatoboka, kinayeyuka, na kikipata mwali wa kutosha kinashika moto juu ya nguo ambayo ilinunuliwa ili isishike moto.

Ulinganisho huu unamhusu mtu huyo hasa: fundi anayechomelea au kukata chuma, ambaye siku hiyohiyo anatembea penye magari. Wenzake wengine kiwandani ni rahisi kuwavisha, nao nitawapitia haraka mwishoni.

Kwa nini moto na rangi havipatani

Rangi ya kung'aa ya njano au chungwa tunayoiona kwenye vizibao haitoi mwanga wake wenyewe. Inapokea miale ya jua ya urujuanimno, ambayo jicho halioni, na kuirudisha kama mwanga unaoonekana. Ndiyo maana inang'aa sana mchana na wakati wa mawingu, na inapoteza nguvu usiku, ambapo kazi hufanywa na mikanda ya kuakisi. Rangi hiyo inashika vizuri na kudumu kwenye poliesta na kwenye nyuzi za modakriliki. Kwenye pamba inashika kwa shida, na hata ikishika inapauka mapema kwa jua na kufuliwa.

Upande wa moto mambo yamegeuka. Pamba yenye dawa haiyeyuki. Ikipigwa na mwali, dawa iliyo ndani ya nyuzi inaifanya igeuke mkaa mweusi mahali pale badala ya kuwaka, na huo mkaa unabaki kama ngao kati ya joto na ngozi. Poliesta haina tabia hiyo. Mbaya zaidi ni mchanganyiko wa kawaida wa poliesta na pamba usio na dawa, ule wa ovaroli nyingi za bei nafuu: pamba inasimama kama utambi, poliesta iliyoyeyuka inapanda juu yake, na mchanganyiko unawaka vibaya kuliko pamba peke yake. Ovaroli hiyo imsaidie mtu wa stoo. Welda asiiguse.

Basi mtengenezaji anayetaka nguo moja ya njano isiyoshika moto analazimika kupatanisha nyuzi zisizopendana. Kuna njia kadhaa, na kila moja inaacha pengo lake.

| Kitambaa | Matone ya kuchomelea | Rangi ya kung'aa | Kufua |
|---|---|---|---|
| Pamba yenye dawa, gramu 300 hadi 350 kwa mita ya mraba | Nzuri sana | Dhaifu kwa njano, hupauka | Huharibiwa na klorini na mabaki ya sabuni |
| Pamba yenye dawa na poliesta, poliesta ikijitokeza upande wa nje | Wastani, soma daraja lake | Nzuri | Kama ya juu |
| Modakriliki na pamba | Dhaifu | Nzuri sana | Haina dawa ya kuisha, lakini haipendi joto la mashine ya kukaushia |
| Aramidi, gramu 150 hadi 260 | Matone hupenya iliyo nyepesi | Dhaifu, hupauka | Haina dawa ya kuisha |

Mstari wa tatu wa jedwali ndio unaowashangaza wanunuzi. Modakriliki na pamba ni kitambaa laini na chepesi, kizuri kwa fundi umeme na kwa mtu anayehofia mlipuko mfupi wa gesi. Muuzaji atakuambia, na atakuwa anasema kweli, kwamba uwezo wake wa kuzuia moto uko ndani ya nyuzi zenyewe na hautoki kwa kufuliwa. Lakini mwali wa sekunde chache ni jambo moja, na tone la chuma linalokaa juu ya kitambaa na kuendelea kumwaga joto lake ni jambo lingine. Modakriliki inajikunja kwa joto na kuacha tundu. Aramidi nyepesi, ambayo inasifika viwanda vya mafuta na gesi, nayo haikuundwa kubeba matone. Kwa kazi ya kuchomelea, unene na pamba bado vinashinda.

Alama za kusoma kwenye lebo

Nguo zilizothibitishwa kwa viwango vya kimataifa hubeba namba kadhaa kwenye lebo, na kwa mtu wetu tatu zinatosha.

EN ISO 11611 ndiyo ya kuchomelea. Ina madaraja mawili. Kipimo chake rahisi kuelewa ni idadi ya matone ya chuma yaliyoyeyuka ambayo kitambaa kinavumilia kabla upande wa ndani haujapanda joto kwa nyuzi 40: daraja la 1 linataka matone yasiyopungua 15, daraja la 2 yasiyopungua 25. Daraja la 1 linafaa kazi zinazorusha matone machache, kama kuchomelea kwa gesi au kwa TIG. Anayekata kwa oksijeni, au anayetumia vijiti vinavyorusha matone mengi, anahitaji daraja la 2.

EN ISO 20471 ndiyo ya kuonekana, na ina madaraja matatu yanayopimwa kwa eneo. Daraja la 2 linataka kitambaa cha rangi ya kung'aa kisichopungua mita ya mraba 0.50 na mkanda wa kuakisi usiopungua mita ya mraba 0.13. Daraja la 3 linataka 0.80 na 0.20. Mkanda wa kawaida una upana wa milimita 50, kwa hiyo unaweza kujipimia mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani: mita ya mraba 0.13 ni mkanda wa urefu wa mita 2.6, na 0.20 ni mita 4. Nimeona ovaroli za bluu zilizoshonewa mikanda miwili mizuri na kuuzwa kama nguo za kuonekana. Usiku zinasaidia. Mchana hazina daraja lolote, kwa sababu eneo la rangi ya kung'aa ni sifuri.

Jambo lingine la madaraja: kizibao kisicho na mikono hakiwezi kufika daraja la 3 peke yake, hata kiwe kikubwa kiasi gani. Daraja hilo linadai kiwiliwili pamoja na mikono mirefu au miguu mirefu yenye mikanda. Kama uwanja wenu una malori yanayokimbia au kazi za usiku zinazodai daraja la 3, hesabu yote inayofuata inabadilika.

Ya tatu ni EN ISO 14116, ya nguo ambazo hazisambazi mwali. Hii hutajwa mara chache lakini ndiyo inayotatua tatizo la kizibao. Ina fahirisi 1, 2 na 3. Kizibao cha fahirisi 1 kinaruhusiwa kutoboka kikipigwa na mwali ila moto hausambai, na kinatakiwa kuvaliwa juu ya nguo ya fahirisi 2 au 3, kisiguse ngozi. Ukiona kizibao cha njano chenye EN ISO 20471 pekee, hicho ni cha poliesta ya kawaida. Chenye zote mbili ndicho cha kumpa welda.

Njia tatu za kumvisha, tukichukua karakana moja

Tuchukue karakana inayotengeneza fremu za chuma. Ina mafundi wanne wa matengenezo ambao nusu ya siku wanachomelea na kukata kwa oksijeni, na nusu nyingine wako uwanjani penye foklifti. Uwanja unadai daraja la 2 la kuonekana. Wanafanya kazi siku tano kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, na kila jioni nguo inaenda kufuliwa.

Njia ya kwanza ni ovaroli moja ya njano inayobeba kila kitu: pamba yenye dawa na poliesta upande wa nje, mikanda ya kuakisi isiyoshika moto, EN ISO 11611 daraja la 1. Inavutia kwa sababu fundi hana cha kusahau. Lakini weka hesabu. Kila fundi ana ovaroli tatu: moja mwilini, moja kwenye kufuliwa, moja kabatini. Siku 240 za kazi zikigawanywa kwa tatu, kila ovaroli inafuliwa mara 80 kwa mwaka. Sasa soma lebo, mahali panapoandikwa idadi ya juu ya kufua ambayo rangi na mkanda vimepimwa. Ikisema 25, ovaroli hiyo imemaliza uhai wake wa kuonekana kabla ya miezi minne. Ikisema 50, ni miezi saba na nusu. Kitambaa chake bado kinazuia moto, mishono bado imara, lakini umeitupa kwa sababu ya rangi. Halafu masizi na vumbi la grainda vimeshaipaka kijivu kabla hata ya hapo, na rangi ya kung'aa iliyochafuka haiwi tena ya kung'aa. Na tusisahau kwamba daraja la 1 halimtoshi mtu anayekata kwa oksijeni.

Kuna hoja nyingine dhidi ya njia hii ambayo wauzaji hawaigusi. Mwanga wa kuchomelea una urujuanimno mwingi. Nguo ya rangi nyepesi inaurudisha juu, chini ya ukingo wa ngao ya uso, hadi kwenye shingo na macho. Ndiyo maana mawelda wa zamani wanapenda bluu iliyoiva au kijivu, na mikanda ya kuakisi kifuani inazidisha tatizo hilo. Mwanga huohuo unaipausha rangi ya kung'aa haraka kuliko jua.

Njia ya pili ni ovaroli ya bluu iliyoiva ya pamba yenye dawa, EN ISO 11611 daraja la 2, pamoja na kizibao chenye EN ISO 20471 daraja la 2 na EN ISO 14116. Anapotoka kwenda uwanjani anakivaa, anapofika mahali pa kuchomelea anakitundika kwenye msumari. Ovaroli bado inafuliwa mara 80, ila haina rangi ya kupoteza. Kizibao kinafuliwa mara moja kwa wiki, na akiwa navyo viwili, kila kimoja kinafuliwa mara 24 kwa mwaka. Lebo ile ya 25 sasa inafika mwaka mzima, na kinachotupwa ni kipande kidogo cha bei nafuu.

Udhaifu wa njia hii ni mwanadamu. Atasahau kukivaa, au atasahau kukivua. Akisahau kukivua, fahirisi 1 inamlinda: atakuwa na kizibao chenye matundu, bila moto. Akisahau kukivaa, hakuna kitambaa kitakachomsaidia. Hapo ndipo msimamizi anapohitajika, na mahali pa kutundikia pawe mlangoni penye njia ya kutokea, pasiwe kwenye kabati la nguo.

Njia ya tatu ni kinyume cha ya pili: suti ya njano isiyoshika moto mwilini siku nzima, na juu yake koti la ngozi au la pamba nzito yenye dawa wakati wa kuchomelea. Inamfaa fundi ambaye uwanja ndio kazi yake na kuchomelea ni dakika ishirini mara moja moja. Koti linabeba matone, linafunika rangi nyepesi, na suti inabaki safi. Kwa mtu anayechomelea saa nne mfululizo, tabaka mbili ni joto la kumchosha, na atalivua.

Kwa hawa wanne ningechagua njia ya pili bila kusita. Kama uwanja ungedai daraja la 3, ningehamia ya tatu, kwa kuwa mikono mirefu ya njano inakuwa lazima na kizibao hakitoshi tena.

Vipengele vya ushonaji

Kitambaa kizuri kinaharibiwa na mfuko mbaya. Tone la chuma hutafuta mahali pa kukaa, kwa hiyo mifuko ya nje iwe na vifuniko, na kifuniko kiwe kipana kuliko mdomo wa mfuko. Suruali isiwe na pindo lililokunjwa nje. Vifungo vya chuma na zipu vifunikwe kwa kitambaa pande zote mbili, kwa sababu chuma kilichopata joto kinamgusa mwenye nguo kabla kitambaa hakijaungua. Kola ifunge hadi juu, mikono ifunge kwenye kifundo. Kama umechagua koti na suruali badala ya ovaroli, koti lishuke vya kutosha chini ya kiuno ili akiinama mgongo usibaki wazi. Chaguo langu kwa anayelala chini ya fremu na kuchomelea juu ya kichwa ni ovaroli.

Uliza pia kuhusu uzi. Ovaroli ya pamba yenye dawa iliyoshonwa kwa uzi wa kawaida wa poliesta itaachia mishono pale joto litakapokuja. Vivyo hivyo nembo ya kampuni: kibandiko cha plastiki mgongoni ni kipande kinachoyeyuka, na kikishonwa juu ya rangi ya kung'aa kinapunguza lile eneo la 0.50 lililopimwa. Kizibao kiwe na velkro za ubavuni zinazoachia kikinaswa, na kivaliwe kimefungwa. Kikipepea karibu na mashine ya kutoboa inayozunguka, kitamvuta mvaaji.

Halafu kuna fulana ya ndani. Ovaroli inaweza kuwa sahihi kabisa huku ndani kuna fulana ya michezo ya poliesta. Joto linalopita kwenye ovaroli bila kuiwasha linatosha kuiyeyusha ile ya ndani ikagandamana na ngozi. Ndani iwe pamba tupu.

Kufua, ambako pamba yenye dawa hufa kimya

Dawa nyingi za kuzuia moto kwenye pamba zimetengenezwa kwa msingi wa fosforasi na zimefungwa ndani ya nyuzi, kwa hiyo maji peke yake hayazitoi. Zinaharibiwa na klorini na dawa nyingine za kung'arisha zenye oksijeni. Adui wa pili ni mabaki. Sabuni ya mche kwenye maji magumu huacha utando wa mafuta na chokaa kwenye kitambaa, na utando huo unawaka juu ya pamba isiyowaka. Kilainishi cha nguo na wanga wa kupigia pasi hufanya hivyohivyo. Tumia sabuni ya unga au ya maji isiyo na klorini wala dawa nyingine ya kung'arisha, suuza sana, na grisi iondolewe yote. Ovaroli yenye doa la grisi begani ina fueli begani, lebo iseme itakavyosema.

Kwa macho huwezi kutambua nguo iliyopoteza dawa. Zinapofika wakati wa kuondolewa, chukua moja iliyofuliwa mara nyingi kuliko zote, kata ukanda kwenye pindo, ushike wima kwa koleo mahali wazi na uweke mwali wa kiberiti cha gesi kwenye ukingo kwa sekunde kumi. Ukiondoa mwali, kitambaa kinatakiwa kuzimika ndani ya sekunde mbili na kubaki mkaa. Mwali ukiendelea kupanda, ufuaji wenu una kasoro, na zile nyingine za umri huo zishukiwe zote. Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, ila linakufichulia mfuaji anayetia klorini.

Wengine karakanani

Madereva wa foklifti na wapakiaji ambao hawakaribii moto wapewe poliesta ya njano ya kawaida, daraja la 2. Inadumisha rangi kuliko zote na ni nafuu, na kumvisha mtu huyo nguo ya moto ni kumwongezea joto bila sababu. Wa kufunga bolti na wa stoo wanatosheka na mchanganyiko wa poliesta na pamba, mradi wasipangiwe kumsaidia welda hata kwa saa moja.

Wapaka rangi wanaotumia viyeyushi ni suala jingine: hofu yao ni cheche ya umemetuli, na lebo ya kutafuta ni EN 1149-5. Kitambaa chake kina nyuzi za kaboni zinazoondoa chaji mwilini, lakini chaji hiyo inahitaji njia ya kufika ardhini, kwa hiyo ovaroli hiyo bila viatu vinavyopitisha umemetuli haimfanyii kazi yake. Naye asiivue wala kuifungua kifuani akiwa ndani ya chumba cha kupakia rangi.